Kaya 52 katika Nyumba 31: Namna ya Kusoma Ripoti ya Maafa

Mto Usa hushuka kutoka Mlima Meru, hupita katikati ya mji wetu mdogo, kisha huteremka kwenye tambarare na kujiunga na Kikuletwa. Kila masika yanapozidi kimo, sisi tunaoishi Usa River tunasikia mambo mawili kwa pamoja: ngurumo za maji na milio ya simu. Simu hizo ndizo zinazobeba ripoti za kwanza. Mtendaji wa kijiji ameandika kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari, akaipiga picha, akaituma. Mtendaji wa kata ameandika ujumbe mrefu usio na nukta. Wafanyakazi wa kujitolea wa shirika fulani wametuma jedwali zuri lenye nembo. Mahali fulani, katika ofisi yenye meza moja na kompyuta moja, kuna mtu anayetakiwa kuyageuza yote hayo kuwa ukurasa mmoja utakaosomwa na kamati ya maafa kabla ya lori la kwanza kuondoka.

Ninataka kuzungumza juu ya mtu huyo na ukurasa huo. Tuna desturi ya kujadili maafa kwa kuwatazama wakubwa wanaokwenda kutoa pole, na tunasahau kwamba lori halifuati pole. Lori hufuata ukurasa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka ngazi za kamati kutoka chini hadi taifa, na kila ngazi humpelekea iliyo juu yake taarifa. Katika kila kuvuka ngazi, namba hunakiliwa, hujumlishwa na kufupishwa. Hapo ndipo watu huongezeka wasiokuwapo, au hutoweka waliokuwapo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika ukurasa huo, na baadhi yao leo wako katika halmashauri wakiuandika kweli. Haya ninayoyaeleza yametokana na zoezi hilo.

Nianze na mahali, kwa sababu huku kwetu mahali ndipo penye mtego wa kwanza. Ripoti ikisema "nyumba 20 zimebomoka Arusha", imesema nini? Kuna Mkoa wa Arusha. Kuna Jiji la Arusha, ambalo lipo katika Wilaya ya Arusha. Kisha kuna Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ambayo licha ya jina lake haimo katika Wilaya ya Arusha bali katika Wilaya ya Arumeru, pamoja na Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Meru nayo ni mlima, ni halmashauri, ni jina la watu, na ng'ambo ya mpaka ni mji na kaunti ya Kenya. Usa River ni mji, ni kata, na kwa wengine ni mto wenyewe. Likiandikwa kwa herufi kubwa, USA RIVER, nimewahi kumwona msomaji wa mbali akishangaa Marekani imeingiaje humu.

Kwa hiyo anayechambua ripoti haandiki neno moja katika safu ya mahali. Anaandika mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji au mtaa, na kitongoji kama kimetajwa. Ngazi ambayo ripoti haikuitaja huachwa wazi, hata kama anadhani anaijua, mpaka atakapompigia simu aliyeandika. Neno "mtaa" lenyewe linahitaji uangalifu: mjini ni ngazi ya utawala yenye mwenyekiti wake, lakini mtu wa kawaida akisema "mtaa wetu umezama" huenda anazungumzia njia moja tu ya nyumba kumi.

Wengine hudhani kipimo cha setilaiti kinamaliza tabu hii. Kinaipunguza, ila kina tabu yake. Usa River iko karibu na latitudo -3.37 na longitudo 36.85. Mtu akisahau alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza, nyumba zetu zinahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Akizibadilisha namba nafasi, zinakwenda kusini mwa Hispania. Makosa hayo makubwa ni rahisi kuyaona mara unapoziweka alama kwenye ramani. Kosa baya ni lile dogo: mpimaji amesimama barabarani, kwenye ofisi ya kata, akapima hapo, kisha akaandika jina la kitongoji kilicho kilomita nne ng'ambo ya korongo ambako hakuweza kufika. Kwenye ramani alama inakaa vizuri kabisa, ndani ya kata inayohusika, na hakuna kitu kinachokuashiria kwamba hakuna aliyefika. Njia ya kulitambua ni kutazama alama zote kwa pamoja. Vitongoji vitatu vyenye majina tofauti vikiwa na kipimo kimoja, ujue umepewa mahali alipokuwa mwandishi, si mahali palipoharibika.

Mtego wa pili ni wakati. Tanzania nzima iliona namna namba za maafa zinavyotembea ilipofika Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilipomeguka alfajiri baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo vikateremka juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo ya jirani katika Mkoa wa Manyara. Siku hiyohiyo kwanza ilitajwa idadi ya vifo vinavyokaribia 20, na kufikia usiku Mkuu wa Mkoa akataja vifo 47 na majeruhi 85. Siku iliyofuata vifo vilikuwa 63 na majeruhi 116. Uokoaji uliendelea siku baada ya siku, miili ikitolewa topeni, mpaka hesabu ikafikia watu 89.

Hakuna aliyesema uongo katika mfuatano huo. Kila namba ilikuwa kweli kwa saa yake, na kila moja ilikuwa jumla inayobeba ile iliyotangulia. Lakini mweke mtu asiyelala usiku mbili mbele ya ripoti mbili, moja ikisema 47 na nyingine 63, bila saa yoyote kuandikwa, na moja ikisema "Katesh" wakati nyingine inasema "Hanang". Ni rahisi mno kuamini kwamba ni sehemu mbili tofauti na kuandika vifo 110, idadi ambayo maafa yale hayakuifikia hata mwishoni. Kinyume chake pia hutokea. Ripoti inasema "vifo vipya 16", msomaji anaichukua kuwa jumla, na waliokwisha kuhesabiwa jana wanatoweka. Ndiyo maana kila namba inayoingia katika jedwali hulazimika kuwa na alama mbili pembeni yake: ni jumla ya tangu mwanzo au ni nyongeza, na ni hadi saa ngapi.

Sasa hiyo "saa ngapi". Mtendaji wa kijiji akiandika "hadi saa 6" anamaanisha saa sita ya Kiswahili, mchana au usiku. Shirika likiandika 06:00 linamaanisha alfajiri, saa 12 asubuhi. Jedwali la kompyuta halijui tofauti. Linapokea yote kama 6 na kuyapanga. Tena siku ya Waswahili hugeuka jua linapozama. Mtu akisema "usiku wa Jumapili", huenda ni usiku wa kuamkia Jumapili, ambao kalenda ya ofisini inauita Jumamosi. Wanafunzi hucheka ninapowatajia haya. Nitarudi kwenye jambo hili muda si mrefu, na wataona linavyoamua kama aliyekufa ni mmoja au ni wawili.

Mtego wa tatu, ambao ndio uliozaa kichwa cha makala haya, ni kipimo. Katika siku zilezile za Hanang serikali ilitaja kaya 1,150 zenye watu 5,600, na ekari 750 za mashamba. Hizi ni namba tatu za vitu vitatu, na haziwezi kujumlishwa. Bado zinaweza kusaidiana. Ukigawa 5,600 kwa 1,150 unapata watu karibu 4.9 kwa kaya. Sensa ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya kwa taifa zima. Kwa hiyo ofisa aliyepokea idadi ya kaya peke yake, akaizidisha kwa wastani wa taifa, angepata watu 4,945, akawapunguza watu 655. Chakula cha watu 655 si kitu cha kukosea kwa sababu ya desimali. Wastani hutumika pale tu ambapo hakuna aliyehesabu, na unapotumika lazima uandikwe kwamba umetumika.

Basi niwaeleze zoezi lenyewe. Kata ni ya kubuni, ipo mteremkoni mwa Meru, ina vijiji vitatu: cha Juu, cha Kati na cha Chini. Ripoti ni tatu, na namba zake nimezitunga mimi, ila kila kipengele kilichomo nimekwisha kukiona katika ripoti za kweli.

Ripoti ya kwanza ni ya mtendaji wa Kijiji cha Chini, ya siku ya Jumanne, "hadi saa 4". Inasema: nyumba 31 zimeathirika, kati yake 9 zimebomoka kabisa, kaya 52 hazina makazi, mtu mmoja hajulikani alipo, tunaomba mahema, magodoro na chakula. Ya pili ni ya mtendaji wa kata, Jumanne saa 12 jioni. Inasema: nyumba 44 zimeathirika katika vijiji viwili, kaya 70 hazina makazi, kifo kimoja, yanahitajika magodoro 140. Ya tatu ni ya kikosi cha kujitolea kilichofika shuleni, Jumatano 09:30, yaani saa 3 na nusu asubuhi. Inasema: shuleni wanalala watu 214 wa kaya 47, maji yanayopatikana ni lita 1,500 kwa siku, matundu ya choo ni 6, tumegawa magodoro 60.

Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha chini kwa chini. Anapata nyumba 75, kaya 169, aliyekufa mmoja na aliyepotea mmoja. Ukurasa wake unaonekana umeshiba, na kamati ikiupokea itaagiza vitu kwa ajili ya kaya 169 ambazo hazipo, kisha wiki ya pili mgawo usipolingana na watu, kila mtu ataanza kumtafuta mwizi.

Njia iliyo sawa huanza kwa kuuliza kila ripoti inafunika eneo gani. Ripoti ya kata inazungumzia vijiji viwili, na kwa kawaida mtendaji wa kata hukusanya kutoka kwa watendaji wa vijiji, kwa hiyo yaelekea nyumba 31 za Kijiji cha Chini zimo ndani ya 44. Zikitolewa zinabaki 13, na kaya 52 zikitolewa katika 70 zinabaki 18. Lakini hizo 13 na 18 hakuna aliyeziandika. Ni zao la kutoa kwetu sisi. Zinaingia katika jedwali zikiwa na neno "imekokotolewa", na nyuma yake swali la kuuliza kwa simu: je, kijiji cha pili ni kipi? Maana ripoti ya kata haikukitaja. Na hapo ndipo mwanafunzi makini anapogundua kwamba kata ina vijiji vitatu, na kwamba kijiji kimoja hakina ripoti yoyote.

Naomba nikae kidogo kwenye kijiji hicho kilicho kimya. Wengi hukiandikia sifuri, au hawakiandiki kabisa, jambo ambalo kwa msomaji wa ukurasa lina maana ileile. Sifuri ni taarifa: mtu amekwenda, ametazama, hakuna kilichoharibika. Nafasi iliyo wazi ni kukosekana kwa taarifa. Katika mteremko wa mlima vitu hivyo viwili huweza kuwa kinyume kabisa, kwa sababu kijiji kisicho na ripoti mara nyingi ndicho kilichokatika barabara, kilichoanguka mnara wa simu, au ambacho mtendaji wake mwenyewe anachimba tope akitafuta jamaa zake. Muhtasari unaofaa huanza na mstari huu, kabla ya namba yoyote: "Vijiji 2 kati ya 3 vimeripoti." Mkuu anayesoma mstari huo anajua pa kutuma pikipiki.

Kisha tunakuja kwa marehemu. Kijiji kimesema mmoja hajulikani alipo, kata imesema mmoja amefariki. Kama ile "saa 4" ni ya asubuhi, basi ripoti ya kijiji ilitangulia, na yaelekea aliyekuwa amepotea alikutwa amekufa kabla ya jioni. Kama ni saa 4 ya usiku, ripoti ya kijiji imekuja baada ya ile ya kata, na mtendaji anatuambia kwamba baada ya kifo kuripotiwa bado kuna mtu mwingine anatafutwa. Herufi chache tu, "asubuhi" au "usiku", zinaamua kama waokoaji warudi mtoni na kamba au wafunge kazi. Mpaka simu ijibiwe, muhtasari unaandika yote mawili pamoja na chanzo na saa ya kila moja, na kuongeza: "huenda ni mtu mmoja, inathibitishwa". Mwandishi haamui mwenyewe. Na ikithibitishwa kuwa ni mmoja, aliyepotea huondolewa katika safu yake anapoingizwa katika safu ya vifo, vinginevyo maiti moja itahesabiwa mara mbili kila siku mpaka mwisho wa dharura.

Ripoti ya tatu si ya kujumlishwa hata kidogo. Zile kaya 47 za shuleni ni sehemu ya zile 70, zikiwa zimehesabiwa mahali pengine. Uharibifu huhesabiwa pale watu walipokuwa wakiishi. Mahitaji huhesabiwa pale walipo sasa. Jedwali likiwa na safu moja tu ya mahali, lazima mambo hayo mawili yagongane. Ninawaagiza wanafunzi waweke safu mbili. Wakishafanya hivyo, kitu kinajitokeza chenyewe: 70 ukitoa 47 ni 23. Kaya 23 hazina makazi na haziko shuleni. Ziko kwa ndugu, kwa majirani, kanisani au msikitini, au chini ya turubai la mtu. Hakuna ripoti iliyozitaja, kwa sababu kila aliyehesabu alihesabu alichokiona.

Mahitaji nayo hayatoki moja kwa moja katika ripoti kama wengi wanavyodhani. "Tunaomba mahema, magodoro na chakula" ni ombi halali, ila halina idadi, na haliwezi kugeuzwa kuwa idadi kwa kubahatisha. Linaandikwa kama lilivyo: "limeombwa, idadi haikutajwa". Ambapo ripoti imetoa watu na kilichopo, hapo tunaweza kukokotoa upungufu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani huvitumia, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Watu 214 wanahitaji lita 3,210. Zipo 1,500, sawa na lita 7 kwa kila mtu. Upungufu ni lita 1,710 kwa siku. Viwango hivyohivyo vinataka choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, kwa hiyo panahitajika matundu 11. Yapo 6, yanapungua 5. Kamati ya maafa haina la kufanya na sentensi "hali ya maji si nzuri". Lita 1,710 ni jambo ambalo mtu mwenye boza anaweza kulijibu leo.

Magodoro yanadanganya zaidi. Yameombwa 140, yametolewa 60, kwa hiyo wengi huandika kwamba yamebaki 80. Hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa 60 yale yametolewa baada ya ombi na kwa watu walewale waliokusudiwa. Magodoro 140 ni mawili kwa kila kaya kati ya 70, lakini yaliyotolewa yamekwenda shuleni tu. Kaya 23 zilizoko kwa ndugu hazikupata hata moja. Ukiandika "yamebaki 80" bila mahali, mgawo wa pili nao utakwenda shuleni, kwa sababu ndiko gari linakojua njia.

Nimeacha kwa makusudi swali ambalo wanafunzi huliuliza kwanza: inawezekanaje nyumba zilizoathirika ziwe 31, na zilizobomoka ziwe 9 tu, halafu kaya zisizo na makazi ziwe 52? Kila mwaka yupo anayeamua kwamba mtendaji amekosea, na kwa nia njema kabisa "anasahihisha" 52 kuwa 31, au hata 9. Anayekaa Usa River hawezi kufanya hivyo. Hapa kwetu, kuzunguka mashamba ya maua na kando ya barabara kuu iendayo Moshi, nyumba moja ni safu ya vyumba sita, wakati mwingine kumi, mlango kwa mlango, choo kimoja nyuma. Kila mlango ni kaya. Yumo mfanyakazi wa shamba la maua na watoto wake, yumo fundi, yumo dereva wa bodaboda, yumo mama anayeuza mbogamboga. Nyumba moja ikibomoka, kaya sita zimekosa pa kulala, na mwenye nyumba huenda anaishi Njiro na hakulowa hata kiatu.

Nina jirani, mpangaji, ambaye chumba chake kiliingiwa na maji mpaka usawa wa dirisha. Alipokwenda kujiandikisha aliambiwa, "Nyumba hiyo imeshaandikwa." Na kweli ilikuwa imeandikwa, kwa jina la mwenye nyumba, mstari mmoja. Hakuna aliyemtendea ubaya kwa kukusudia. Fomu ilikuwa na safu ya nyumba na haikuwa na safu ya kaya, na karani akajaza alichoulizwa. Aliniuliza, "Mwalimu, kwani mimi nilikuwa nimelala wapi?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumwonyesha fomu.

Hapo ndipo ninapoona siasa ya jambo hili, nami siogopi kuliita siasa. Maofisa wengi wanapenda kuhesabu nyumba kwa sababu nyumba inaonekana, inapigwa picha, haihami. Tena fidia na ujenzi mpya huja kwa nyumba. Waathirika wa Hanang walijengewa nyumba 109 huko Waret, na ni jambo jema. Lakini msaada wa dharura si ujenzi. Godoro, maji, unga na dawa huliwa na kutumiwa na kaya, na huhesabiwa kwa watu. Anayetumia hesabu ya nyumba kugawa vitu vya kaya amewapa wamiliki sauti katika mgawo na kuwanyima wapangaji, bila sheria yoyote kumtuma. Maneno yenyewe huchangia. "Imeathirika" inaweza kuwa imebomoka, imepasuka ukuta, imeingia maji au imezingirwa tu na maji. Jedwali lazima liyatenganishe inapowezekana, na ripoti isipoyatenganisha, libaki na neno lilelile alilotumia mwandishi, lisipandishwe cheo kuwa "imebomoka".

Muhtasari wa kata yetu ya mfano, ukiandikwa hivyo, ni mfupi kuliko ule wa kujumlisha chini kwa chini. Unasema hivi: Toleo la 1, Jumatano saa 5 asubuhi. Vijiji 2 kati ya 3 vimeripoti. Kijiji cha Juu au cha Kati hakijulikani hali yake, mtendaji wa kata anaulizwa. Nyumba zilizoathirika ni 44, ambazo kati yake 9 za Kijiji cha Chini zimebomoka kabisa. Hali ya nyingine haikutajwa. Kaya zisizo na makazi ni 70, takriban watu 300 hadi 320, ikikadiriwa kwa wastani wa sensa na kwa wastani uliohesabiwa shuleni. Kifo 1 kimeripotiwa, na aliyepotea 1. Huenda ni mtu mmoja, inathibitishwa. Shuleni wapo watu 214 wa kaya 47; unapungua mgawo wa maji wa lita 1,710 kwa siku na matundu 5 ya choo. Kaya 23 haziko shuleni na mahali zilipo hapajulikani. Magodoro 60 yametolewa shuleni. Mgawo unaofuata uanze na hizo kaya 23. Mahema na chakula vimeombwa na Kijiji cha Chini, idadi haikutajwa.

Wapo wakubwa wasioupenda ukurasa wa namna hii. Una "huenda" mbili tatu, una "inathibitishwa", na mbele ya kamera mtu hutaka namba moja iliyonyooka. Ninawaambia wanafunzi wampe mkubwa namba moja ikiwa ameitaka, ila iwe ni namba inayotoka kwenye mstari wenye chanzo na saa, ili kesho ikibadilika waweze kueleza kwa nini. Toleo la pili hutoka baada ya simu kujibiwa. Halifuti la kwanza, linaonyesha kilichobadilika na sababu yake: "Kaya 70 sasa ni 81, kwa kuwa kijiji cha tatu kimeripoti kaya 11." Asiyeona sababu hiyo atadhani kaya 11 zimetungwa, na mtendaji aliyetembea kwa miguu tangu alfajiri kuzihesabu atajikuta akihojiwa.

Muhula huu nimeongeza ripoti ya nne kwenye zoezi. Imeandikwa na mwalimu wa shule ileile, Jumatano jioni, na ina sentensi moja tu: familia 9 zaidi zimefika, zilikuwa zimelala kwa ndugu. Ninawapa dakika kumi wanieleze ni namba zipi katika ukurasa zinabadilika, na ni ipi haibadiliki hata kidogo.